Mjadala: Jaribio la Milgram lilikuwa dhuluma, au elimu iliyostahili gharama yake?

Mleta mada: Ndugu zangu, mwaka 1961 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwaaminisha watu wa kawaida kwamba wanampiga mwenzao shoti za umeme, ili aone watatii amri hadi wapi. Leo kamati za maadili ya utafiti zingelikataa jaribio lile kama lilivyokuwa. Je, tumepoteza elimu, au tumenusurika? Naomba hoja.

Mwalimu Mstaafu: Tumepoteza, tena sana. Bila Milgram tungeendelea kudhani wanaoua kwa kuamrishwa ni watu wa aina yao peke yao. Yeye ametuonyesha kwamba asilimia 65 ya binadamu watafika mwisho wakiamrishwa. Na hakuna aliyeumia, maana umeme wenyewe haukuwepo. Matokeo yake wakubwa wakaona aibu, wakatunga sheria za kamati kwa sababu yake, na sasa hakuna anayeweza kuuliza swali zito.

Mama Saikolojia: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha somo hili, na naomba nikuingize kwenye kile chumba kwanza.

Unafika kwa miadi. Unapewa dola 4 na senti 50 za nauli, unaambiwa ni zako kwa kuja tu, lolote litakalotokea. Unakuta mzee mmoja mpole, mhasibu. Mnapiga kura nani awe mwalimu, nani mwanafunzi, ila karatasi zote mbili zimeandikwa "mwalimu", maana mzee yuko upande wa watafiti. Yule mzee anafungwa mikanda kwenye kiti chumba cha pili mbele ya macho yako, na wewe unaonjeshwa shoti ya volti 45 ili uamini mashine inafanya kazi. Mbele yako kuna swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Kila akikosea jibu unapanda swichi moja. Kwenye volti 300 anagonga ukuta. Baada ya 315 kimya, wala hajibu tena.

Ukigeuka kumtazama bwana mwenye koti la kijivu, anakuambia tafadhali endelea. Ukisita tena, jaribio linakutaka uendelee. Mara ya tatu, ni muhimu kabisa uendelee. Ya nne: huna njia nyingine, lazima uendelee.

Katika toleo lile lililochapishwa 1963, wanaume 26 kati ya 40 walifika 450. Hapo ndipo asilimia 65 inapotoka: toleo moja, watu 40. Alipowaweka washiriki wenza wawili wa kuigiza, nao wakakataa kuendelea, waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Kwa hiyo si "asilimia 65 ya binadamu". Ni watu wale, katika chumba kile, kwa mpangilio ule.

Na kuhusu kuumia, Milgram mwenyewe aliandika kwamba walitetemeka, walitoka jasho, waliuma midomo. Watatu walipatwa na mitukutiko mikali ya mwili wasiyoweza kuizuia. Umeme haukuwepo, lakini hofu ilikuwa ya kweli.

Nesi wa Zamu: Samahani kwa kuingilia, hili limenigusa. Miaka ya nyuma daktari alinipigia simu usiku akaagiza dozi niliyoiona kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye chupa. Nikamwomba aje aandike na kusaini mwenyewe. Alikuja, amekasirika, na asubuhi nikaitwa kujieleza kwa kukosa heshima. Nililia siku mbili. Sasa nawauliza, kama ningeambiwa baadaye yule daktari alikuwa mtafiti, ningefurahi kwamba nimefaulu? Kila simu ya usiku ningeishuku.

Mama Saikolojia: Dada, jambo lako lilifanyika kweli. Mwaka 1966 Hofling na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti ambao daktari asiyejulikana aliwapigia manesi simu wodini, akaagiza miligramu 20 za dawa ambayo kopo lake lilisema isizidi 10 kwa siku. Manesi 21 kati ya 22 walikuwa tayari kuitoa, wakazuiwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Hata mmoja hakuwa ameridhia kuwa kwenye utafiti. Wa Milgram angalau walijua wamekuja kwenye jaribio.

Mwanafunzi wa Uzamili: Wakuu, mimi ni mhanga wa hizo kamati! Miezi mitano wamenikalia na dodoso la maswali 12 kwa wauza mitumba. Mara fomu ya ridhaa iwe fupi, mara eti nisitambulishwe sokoni na mwenyekiti wa soko. Sasa bila mwenyekiti nani ataniamini? Sipigi mtu shoti mimi.

Mleta mada: Mdogo wangu, mada si ucheleweshaji wa kamati.

Mama Saikolojia: Mwache, amegusa penyewe. Kijana, mwenyekiti ndiye anayegawa vizimba. Akisimama nawe na kusema "mjibuni mgeni", muuzaji atakataaje? Hapo mwenyekiti ndiye koti la kijivu. Miezi mitano ni mingi, nakuunga mkono, lakini swali lao ni halali.

Kwangu mimi kosa kubwa la Milgram si uongo. Uongo unaweza kuruhusiwa hata leo, ukielezwa mbele ya kamati na ukifichuliwa mapema. Kosa ni kwamba mlango ulikuwa wazi na mtu akaambiwa umefungwa. Aliyekataa hata baada ya amri ya nne aliachwa aende, lakini asingeweza kujua hivyo kabla.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba mama. Hesabu nakubali. Lakini walipoulizwa baadaye, asilimia 84 walisema wamefurahi kushiriki. Nani awasemee?

Mama Saikolojia: Ni kweli walisema hivyo, kwenye dodoso alilotuma Milgram mwenyewe. Mwanasaikolojia Diana Baumrind alimkosoa mwaka 1964, na Milgram akajitetea kwa takwimu hiyo. Lakini mwandishi Gina Perry alipopekua kumbukumbu za Yale, kitabu chake kikatoka 2012, alionyesha kwamba wengi waliondoka pale wakiambiwa tu kwamba shoti hazikuwa kali kama walivyodhani. Ukweli kamili waliupata kwa barua, miezi baadaye. Mtu amelala nyumbani akidhani amemtesa mzee wa watu.

Na sheria ya Marekani ya 1974 kuhusu kamati hizo ilisukumwa zaidi na utafiti wa Tuskegee, ambako wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba tangu 1932 hadi habari ilipofichuka 1972. Milgram alichochea mjadala ndani ya saikolojia, lakini hakuwa peke yake. Tena kamati si kinga kamili: jaribio la gereza la Stanford la 1971, ambako vijana walioigiza askari waliwanyanyasa walioigiza wafungwa, lilipitishwa na kamati ya chuo.

Mwalimu Mstaafu: Basi swali lake lisiulizwe tena?

Mama Saikolojia: Limeulizwa. Mwanasaikolojia Jerry Burger, 2009, alirudia toleo ambalo mzee anasikika akilalamika, akaishia volti 150, pale anapodai kwa mara ya kwanza atolewe. Aliwachuja wenye dalili za msongo, akawaambia mara tatu kwamba wanaweza kuacha na fedha ni zao, na ukweli akausema papo hapo. Asilimia 70 walikuwa tayari kuendelea.

Mwalimu Mstaafu: Kuwa tayari kubonyeza swichi ya 165 si kubonyeza ya 450. Na ukishawachuja, umebaki na wagumu.

Mama Saikolojia: Hapo umenibana. Burger alijitetea kwamba wengi wa Milgram waliovuka 150 walifika mwisho, lakini hayo ni makadirio. Kitu fulani hatukijui tena, na mimi niko radhi tusikijue kwa njia ile.

Nesi wa Zamu: Mimi siko radhi sana. Ningetaka kujua ni wangapi leo wangetii ile simu. Ila waniulize kwanza.

Mwanafunzi wa Uzamili: Nimeelewa kuhusu mwenyekiti. Nikienda peke yangu na nusu wakikataa, nifanyeje?

Mama Saikolojia: Andika ni wangapi waliokataa, kijana. Hiyo nayo ni takwimu.