Tupeane uzoefu: Ukitafutwa WhatsApp na "afisa ajira", unaikaguaje tovuti ya kampuni?

Chuma cha Reli: Wakuu, mdogo wangu yupo Mbeya. Juzi katumiwa ujumbe WhatsApp na dada anayejitambulisha kuwa wa rasilimali watu kwenye kampuni kubwa ya mizigo hapa Dar. Nafasi ni ya karani wa ghala. Kaletewa na linki ya ukurasa wa ajira, tumeufungua: nembo ipo, malori yapo, tangazo lipo. Chini kuna fomu inayotaka namba ya NIDA na picha ya kitambulisho mbele na nyuma. Bado hajajaza. Waliopitia haya, mlijiridhishaje? Jina la kampuni nimelificha, ila linki imekaa hivi:

```
https://jinalakampuni.co.tz.jinajingine.com/ajira
```

Totoz wa Tandika: Mkuu, wanaajiri? Nipe na mimi hiyo linki, nina cheti cha ghala kabisa.

Kijana wa Bunju: Ina https na alama ya kufuli. Matapeli hawana hiyo. Ajaze tu.

Fundi Seva: Bunju, kufuli linakuambia kwamba mtu wa katikati hasomi unachotuma. Halikuambii unamtumia nani. Cheti cha kuweka hilo kufuli kinatolewa bure na Let's Encrypt, tapeli anakipata kwa dakika chache.

Mleta mada, tafuta mkwaju wa kwanza baada ya `https://`, halafu usome kurudi kushoto. Unakutana na `jinajingine.com`. Huyo ndiye mwenye nyumba. Yote yaliyo kushoto kwake anajiandikia mwenyewe, akitaka hata aandike ikulu. Ukurasa wa kampuni yenyewe ungekuwa na `jinalakampuni.co.tz` likigusa ule mkwaju.

Ila msiishie hapo. Kampuni nyingi kubwa hukodi mfumo wa kupokea maombi, kwa hiyo ukibonyeza kuomba kazi unaweza kupelekwa kwenye anwani kama ya `myworkdayjobs.com`, na ni halali kabisa. Kinachoamua ni umefikaje pale. Fungua tovuti ya kampuni kwa kuandika anwani mwenyewe, tafuta sehemu ya ajira, uone inakupeleka wapi. Linki ya WhatsApp iache ilipo.

Mama Wawili: Nakubaliana, ila mimi ningefuata hayo yote na bado ningeliwa. Nafasi niliyoletewa ilikuwepo kwenye tovuti halisi, namba ya tangazo ileile, tarehe ya mwisho ileile. Yule kaka alikuwa amelinakili tu. Kilichoniokoa ni kupiga simu ya mapokezi iliyo kwenye tovuti, siyo ile aliyonipa yeye. Wakaniambia hawana mtu wa jina hilo, na maombi wanapokea kwenye fomu yao peke yake. Jioni kaka akaomba 45,000 ya vipimo vya afya, itumwe kwenye namba ya mtu binafsi.

Fundi Seva: Hapo umegusa penyewe, dada. Ukurasa wa ajira unathibitisha kazi, haumthibitishi anayekuandikia. Nafasi ukiikuta pale, omba palepale, na huyo wa WhatsApp hana kazi tena kwako.

Bahari ya Likoni: Huku Mombasa mimi niliitiwa kazi ya Qatar kupitia wakala. Nikaangalia orodha ya mawakala wenye leseni ya NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya, jina nikalipata. Kumbe nambari ya simu kwenye orodha haikuwa ile iliyonitafuta. Jina walikuwa wameliazima.

Mpaka Rangi: Mnawatisha vijana. Shemeji yangu ana karakana, hana tovuti wala ukurasa wa ajira, na mafundi wote kawapata WhatsApp. Huyo naye tapeli?

Fundi Seva: La. Kwa kampuni ndogo utatafuta BRELA kama imesajiliwa, kisha uende ilipo. Hata hivyo usajili hausemi kama aliyekuandikia anatoka pale. Kwa walio mbali, sina jibu zuri.

Chuma cha Reli: Mrejesho. Nimeingiza `jinajingine.com` pale `lookup.icann.org`. Tarehe ya kusajiliwa ni mwezi uliopita, wakati ukurasa unajisifu upo tangu 2004. Tovuti halisi ina sehemu ya ajira, lakini kuna tangazo la madereva tu, nalo limeshapita muda. Simu ya mapokezi inaita bila kupokelewa.

Mdogo wangu kamwomba yule dada atume mwaliko kwa barua pepe ya kampuni. Kajibiwa kwamba tovuti inahamishwa na barua pepe zina hitilafu. Bunju, najua utasema inawezekana.

Kijana wa Bunju: Inawezekana kweli, tovuti huwa zinahamishwa.

Mama Wawili: Zinahamishwa, lakini tovuti ya zamani si bado inafunguka? Basi tangazo la karani lingekuwa pale. Ofisi zao ziko wapi?

Chuma cha Reli: Kurasini. Jumatatu nina mzigo wa kutoa bandarini, nitapita getini niulize. Fomu haijazwi mpaka hapo.

Totoz wa Tandika: Ukifika, waulizie na nafasi ya ghala.