Broka aliniandikia "ni kitu kimoja", leo gari langu limezuiliwa gereji kwa 35,000

MwalimuUmoja
Nina hasira na sitaificha. Kabla ya kukata bima mwaka huu nililetewa kotesheni mbili za komprihensivu kwa gari langu la thamani ya shilingi 1,400,000. Ya kwanza 56,000, ya pili 49,000, zote kabla ya tozo. Moja imeandikwa "eksesi", nyingine "didaktibo", na zote mbili 2.5%, kima cha chini 15,000. Nikamwandikia broka anieleze tofauti kabla sijaamua. Jibu lake hili hapa, neno kwa neno:

"Habari ya asubuhi madam. Eksesi na didaktibo ni kitu kimoja, ni ile sehemu ya hasara unayojilipia. Zote ni 2.5%, kwa hivyo hazina tofauti. Chukua ya bei nafuu. Utalipa leo?"

Nikalipa siku hiyo hiyo. Wiki mbili zilizopita, Jogoo Road karibu na Donholm, bodaboda ilinikatia nikapanda ukingo wa barabara. Bampa, taa moja ya mbele, fenda na mkono wa chini wa gurudumu. Mkadiriaji akapitisha 90,000. Jana naenda kuchukua gari, karani wa gereji ananionyesha barua ya kampuni: mteja alipe 35,000 ndipo gari litoke. Kumbe kotesheni ya kwanza ilisema 2.5% ya *dai*, na niliyoichukua ilisema 2.5% ya *thamani ya gari*. Nilimuuliza mtu ambaye kazi yake ni kusoma hayo maandishi madogo kwa niaba yangu!

Spana13
Pole dada, lakini hapa gereji tunaliona kila wiki. Bima ikiwa rahisi, eksesi huwa kubwa. Halafu didaktibo ni neno la bima ya hospitali, kwa gari ni eksesi tu. Ungenunua protekta ya eksesi usingelipa hata ndururu.

BabaShiru
Mimi Probox yangu iliibwa Githurai wakanikata 20% kwa sababu sikuwa na traka. Jirani yangu alikuwa nayo, wakamkata 10%. Wote wezi.

MzeeWaKava
Nimekuwa kwenye kazi ya ubroka miaka mingi, nami barua hiyo inaniudhi kuliko ajali yenyewe. Spana13, si kweli kwamba didaktibo ni ya hospitali pekee. Kwenye kotesheni za magari hapa kwetu utayakuta maneno yote mawili kwa maana ile ile, kwa hivyo broka hakukosea kwenye jina. Alikosea aliposema hazina tofauti, kwa sababu asilimia bila kusema ni ya nini haielezi chochote.

Mwalimu, chukua hasara yako. Kwa kotesheni ya kwanza, 2.5% ya 90,000 ni 2,250, haifiki kima cha chini, kwa hivyo ungelipa 15,000. Kwa hii uliyonayo, 2.5% ya 1,400,000 ni 35,000, iwe umevunja taa au umepindua gari. Uliokoa 7,000 ukalipa 20,000 zaidi. Na hasara ya 30,000 usingelipwa kitu kabisa, wakati ile nyingine ingekupa 15,000.

Zinalingana mahali pamoja tu: gari likiharibika lote. Hapo kila moja inakukata 35,000. Yaani barua ya broka ilikuwa kweli kwa ajali ambayo watu wengi hawaipati.

Kabla ya kulipa, uliza hivi kwa maandishi: "Nikipata hasara ya 50,000 kesho, mfukoni mwangu inatoka ngapi kwa kila kotesheni?" Akishindwa kujibu kwa shilingi, hajaisoma.

Spana13
Sawa mzee, kwa neno nimekosea. Lakini protekta?

MwalimuUmoja
Nimerudi kuangalia. Kotesheni ya pili ilikuwa na mstari wa protekta chini kabisa, 0.5% ya thamani. Hiyo ni 7,000! Ningelipa 56,000 ile ile na leo ningekuwa na gari langu. Broka hakuutaja kabisa.

MzeeWaKava
Hapo Spana13 ana hoja. Ila soma masharti, protekta nyingi hushika ajali na kuacha wizi nje. BabaShiru, yako isingekusaidia.

BabaShiru
Kwani mimi nilikuwa na protekta?

MwalimuUmoja
Mzee, kwa barua hii naweza kumdai broka ile 20,000?

MzeeWaKava
Mwandikie yeye kwanza, ambatanisha barua yake na kotesheni zote mbili. Akikaa kimya, peleka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Atakachosema ni kwamba kotesheni ilikuwa mkononi mwako na ulitia sahihi. Siwezi kukuahidi pesa.

MwalimuUmoja
Nimemtumia saa tano hii. Amesoma, hajajibu. Gari bado liko Industrial Area, na kesho nina daladala mbili hadi shuleni.

Spana13
Daladala ni za Dar, mwalimu, hapa ni mathree 😅 Waombe gereji ulipe nusu nusu, wengine hukubali.

MwalimuUmoja
Nimewaomba. Wanataka zote 35,000 kwa mkupuo.