Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba mshororo ulioandika si wako, umetoka kwa malenga mwingine au kwenye wimbo?

Malenga wa Kirumba

Wakuu, salaam. Sizungumzii wizi wa mashairi, huo una uzi wake. Nazungumzia ile hali ya kuandika kitu kwa nia safi, ukasoma rasimu yako, halafu ghafla ukahisi kipande kimoja kina harufu ya nyumba nyingine. Uligunduaje? Ukafanya nini?

Naanza na kisa cha kijana mmoja tunayekutana naye Jumamosi hapa Kirumba kusomeana. Alileta shairi la mvuvi wa dagaa aliyekamatwa na dhoruba usiku, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane ukwapi na nane utao, vina ra na ni. Ubeti wa pili ulikuwa hivi:

Mawimbi yana hasira, yapiga mawe ya pwani,
Mvuvi hana ishara, taa zazima chomboni,
Mwamba wenye imara, nifiche kwako pembeni,

Hesabuni ukwapi wa mshororo wa tatu kwa vidole. Mwa-mba-we-nye-i-ma-ra. Ni saba. Kijana huyu hakosei mizani, shairi zima limenyooka isipokuwa hapo. Nikamuuliza mbona hapa pamechechemea, akasoma tena kwa sauti, akasema mbona kwangu panatosha. Akarudia, na safari hii tukasikia anakokota "ra" ya mwisho kidogo, kama mtu anayeimba.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akacheka na kuendeleza: "kwako nitajificha". Ni Tenzi za Rohoni. Na huo wimbo unakwenda vipande vya mizani saba saba, ndiyo maana kwenye sikio la kijana saba ilikuwa inatosha. Tazameni pia utao wake: "nifiche kwako". Kujificha nako kumekuja na mwamba, vimeshikana mikono vikaingia pamoja.

Ajabu ni kwamba nusu ya waliokuwepo hawakusikia chochote. Mimi mwenyewe nimekulia madrasa, kwangu ulikuwa mshororo wenye kasoro ya mizani tu.

Haya, leteni vyenu.

Ngosha wa Magu

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilishaibiwa shairi zima na mtu wa kundi la WhatsApp. Alibadilisha jina la mpenzi tu, akalituma kwenye harusi. Huyu tumfanyeje? Nina picha za skrini kama ushahidi.

Malenga wa Kirumba

Pole ndugu yangu, lakini huyo anajua alichofanya. Hapa tunamtafuta asiyejua.

Dagaa Mchele

Mimi naona mnajisumbua. Ushairi wa Kiswahili ni mali ya wote. Kila mtu anaanza na "hodi hodi uwanjani", kila mtu anashika kalamu, anamaliza na "kaditamati". Taarabu wanachukua kwenye kanga, kanga zinachukua kwenye taarabu. Nani alimshtaki mtu kwa kuandika "japo sipati tamaa sikati"? Na malenga wa magazetini wakijibizana, mmoja anachukua kibwagizo cha mwenzake na vina vyake na hakuna ugomvi.

Mwalimu wa Vina

Dagaa, umesema kweli nusu. Hodi, kalamu na kaditamati ni vya wote, hata msomaji anajua ni vya wote, havipandishi wala kushusha shairi. Kanga vilevile, mradi msomaji aitambue. Na anayejibizana huchukua kibwagizo hadharani, mara nyingi anamtaja mwenzake kwenye ubeti wa kwanza. Wote wawili wanajua, na wasomaji wanajua. Kisa cha kijana wa Kirumba ni tofauti kwa sababu yeye mwenyewe hakujua, na msomaji atadhani picha ile ameiona yeye kwenye miamba yetu.

Mahakamani nako jambo hili limefika, ingawa kwa muziki. Mwaka 1976 jaji wa Marekani aliamua kwamba George Harrison, yule wa Beatles, wimbo wake uliotoka 1970 ulibeba melodia ya wimbo wa kundi la Chiffons uliovuma 1963. Jaji hakusema alikusudia. Alisema wimbo ule wa zamani ulikuwa umekaa akilini mwake bila yeye kutambua, na bado akaonekana amekiuka haki. Kutojua hakukumwokoa.

Sasa kuhusu mizani. Malenga, dawa yako ni nzuri lakini inatibu ugonjwa mmoja. Ukwapi ukipungua au kuzidi halafu mwandishi mwenyewe asione, hapo shuku wimbo, kwa sababu nyimbo za kanisani, dansi na hizi za vijana hazifuati nane kwa nane. Lakini kama kipande kimetoka kwenye shairi la mtu mwingine, kitakuja na mizani yake nane kamili na kina chake. Kitaingia kimyakimya. Vidole havitakuambia kitu.

Bibi wa Nansio

Sasa mwalimu, hicho kinachoingia kimyakimya unakikamataje?

Mwalimu wa Vina

Shikamoo bibi. Mimi nina njia mbili, na zote zina mipaka.

Ya kwanza ni mkia. Nakariri kile kipande kwa sauti, halafu nanyamaza, sitafuti neno. Kama ni changu, kimya kinabaki kimya, maana bado sijaamua kinachofuata. Kama ni cha mtu, kitu kinajileta chenyewe, hata kama ni kina tu au mahadhi bila maneno. Yule mama wa Kirumba alifanya hivyo hivyo bila kukusudia: alisikia kichwa, mkia ukamtoka mdomoni.

Ya pili ni lugha. Mimi ni mtu wa Sengerema. Nikikuta kwenye rasimu yangu nimeandika "mato" badala ya macho, au "nyonda" badala ya mpenzi, najiuliza neno hili nimelipata wapi. Mama yangu hakuwahi kulitamka. Hata ule "wenye imara" wa kijana, mtaani Mwanza mtu angesema "ulio imara" au "imara" peke yake. Mkono ulioandika "wenye" ulikuwa unanakili.

Mpaka wake ni huu: aliyesoma malenga wa pwani kwa miaka mingi, "mato" linakuwa lake kweli. Hapo njia ya pili inakufa.

Mkolani Girl

Njia ya rahisi si kugoogle tu jamani?

Mwalimu wa Vina

Dada, google inasaidia ukiweka alama za nukuu na ukachagua maneno mawili matatu ambayo si ya kawaida, usiweke mshororo mzima. Watu wanaandika maneno ya nyimbo kila mtu kwa tahajia yake, "nalia" huyu, "ninalia" yule. Na mashairi mengi yaliyochapwa magazetini zamani hayapo mtandaoni kabisa. Ukikosa, usiseme nimesafishika.

Nyamagana Usiku

Cha kwangu kinachekesha. Nilikuwa na kipande kwenye rasimu, kizuri mno, kimekuja bila kufutwa hata herufi. Nikapata wasiwasi. Nikajaribu huo mkia, kweli kuna kitu kikawa kinajileta. Nikauliza jamaa wa taarabu, nikauliza kwaya, nikauliza DJ wa pale Igoma. Hakuna anayekijua. Baadaye nahama chumba, napekua begi, nakuta daftari langu la kidato cha tatu. Kipo humo, mwandiko wangu, na huo mkia wake ndio mshororo unaofuata. Nilikuwa najiibia mwenyewe.

Dagaa Mchele

Haha! Na hilo daftari uliandika ukiwa unasikiliza nini?

Nyamagana Usiku

Usinianzishie tena.

Binti Kisesa

Naomba nichangie kwa upande mwingine kidogo, kwa sababu njia za mwalimu zisingenisaidia mimi. Naandika Kiswahili lakini nimelelewa na shangazi huku Kisesa, kwa Kisukuma. Niliandika ubeti kuhusu jembe linalouliza ardhi swali, na ardhi inajibu kwa sauti ya marehemu. Kiswahili safi, mizani sawa, hakuna neno la ajabu. Nikiusema na kunyamaza, kimya.

Likizo nikamsomea shangazi. Hakusema vizuri wala vibaya. Aliinuka akaanza kuimba kwa Kisukuma, polepole, na bega linacheza kama la mtu ameshika jembe. Ni wimbo wa kulimia, wa bugobogobo, uliokuwa ukiimbwa wakati niko mgongoni mwake. Swali la jembe lilikuwa ndani yake, na jibu la ardhi pia. Maneno yote yalikuwa yangu ila picha ilikuwa ya wakulima wa kijiji chake.

Mkia haukuja kwa sababu nilikuwa nautafuta kwa Kiswahili. Sasa nikiwa na wasiwasi na picha naisema kwa Kisukuma kwanza, hata kwa kuboronga, halafu ndiyo nanyamaza.

Mwalimu wa Vina

Hii sikuwahi kuifikiria. Na uliufanyaje ubeti?

Binti Kisesa

Niliuacha, nikaweka juu ya shairi kwamba ni kwa wimbo wa kulima wa kina shangazi. Ila sina uhakika. Wimbo hauna mtunzi anayejulikana, namshukuru nani? Rafiki yangu mmoja anasema kuandika hivyo ni kujitia unyenyekevu, kila aliyekulia hapa ana haki nao.

Bibi wa Nansio

Rafiki yako amekosea mwanangu. Nyimbo zile zilikuwa na wenyewe. Bagalu na bagika wakishindana, mtunzi alikuwa anajulikana mpaka kwa jina la baba yake. Sisi ndio tumesahau, na kusahau kwetu hakumfuti.

Dagaa Mchele

Lakini bibi, bagalu na bagika ni ngoma za mashindano. Wimbo wa kulimia kila mtu anaongeza lake shambani. Hapo mtunzi ni nani?

Bibi wa Nansio

Aliyeanzisha. Wengine wanaitikia.

Mkolani Girl

Malenga, hujatuambia yule kijana alimaliziaje.

Malenga wa Kirumba

Kwanza alijaribu kuziba pengo: "Mwamba ulio imara". Mizani ikatimia nane, kasoro ikapotea, na mbaya zaidi ushahidi nao ukapotea. Mimi nisingegundua tena. Lakini yule mama alisema bado anausikia wimbo, kwa sababu mwamba na kujificha bado vimeshikana.

Mwenzetu mmoja akashauri auache makusudi, amfanye mvuvi mwenyewe aimbe Tenzi ndani ya mtumbwi, maana wavuvi wanaimba kweli dhoruba ikiwakuta. Wazo zuri, lakini lingetaka ubeti mwingine wa kumjenga huyo mvuvi kuwa mtu wa kanisa.

Yeye akachagua njia ndefu. Alishuka hadi Capri Point akayatazama mawe. Aliporudi alisema mawe yetu hayafichi mtu, yamepandana tu, lingine limekaa juu ya mwenzake kwa upana wa kiganja, unashangaa haliporomoki. Akaandika:

Jiwe halina papara, limeegama hewani,

Nane kwa nane. Mama alinyamaza, hakuendeleza kitu.

Ngosha wa Magu

Mshororo mtamu. Ila "halina papara" mbona kama nimewahi kuusikia mahali?

Malenga wa Kirumba

Wapi? Leta mkia.

Ngosha wa Magu

Subiri nitafute.