Komite ya Wazazi, Katuba, Lubumbashi: bango la shule

Mama Neema 18:04
Wazazi, yambo wote. Tonto Deo anafungua impirimeri kesho saa moja asubuhi. Ninataka maneno ya bango la Siku ya Milango Wazi yakamilike usiku huu. Nimeandika hivi, someni:

«Uongozi wa shule, komite ya wazazi pamoja na walimu wote wana furaha kubwa kuwaalika kwa heshima wazazi na wanafunzi wote kwenye Siku ya Milango Wazi, itakayofanyika Jumamosi 24 Mei kuanzia saa 3. Shule bora, nidhamu, mafanikio 100%. Kuingia ni bure. Nyote mnakaribishwa.»

Kama hakuna mwenye neno, ninatuma.

Mama Neema 18:31
Watu 46 mu kikundi, 31 wamesoma. Mumekufa?

Papa Gloria 18:40
Ni muzuri mama. Ila ungeongeza maneno kuhusu historia ya shule na maabara mpya. Bango ya maneno kidogo inaonekana kama ya duka ya krediti ya simu. Na tuiandike Kifaransa, ni shule.

Mama Kazadi 18:42
Samahani, bileteni ya Jonatani sijaipata tangu Pasaka. Nani ananisaidia?

Mama Neema 18:43
Mama Kazadi, hiyo ni ya sekreterya. Hapa ni bango.

Ya Kito 18:47
Milango wazi 😂😂 Darasa la nne iko wazi tangu 2024, haiitaji tarehe!

Mama Sifa 18:48
😂😂😂 ata madirisha

Ya Kito 18:48
Mwizi anasoma bango anasema «aksanti kwa mwaliko»

Papa Gloria 18:50
Tukicheka tucheke, lakini feza ya ile milango tulitoa sisi wote. Mimi nilitoa mara mbili kwa sababu ya mapacha. Mwenye alikusanya yuko humu anasoma.

Mama Neema 18:51
Papa Gloria, TAFADHALI. Hesabu ile ilisomwa mbele ya mkutano.

Papa Gloria 18:51
Ilisomwa. Milango haikusomwa.

Mama Neema 18:52
Tunarudi kwa bango. Tonto Deo uko?

Tonto Deo (impirimeri) 19:10
Niko mama. Nilikuwa nakata bashi ya kanisa.
Nikuambie ukweli? Hii nikiweka kwa A3, ni sentimita 42 urefu na kama 30 upana, maneno itakuwa madogo kama ya ndani ya kijitabu cha dawa. Mutu anapita na pikipiki pale soko ya Kenya, hana nafasi ya kusoma «uongozi wa shule, komite ya wazazi pamoja na». Akifika kwa tarehe ameisha pita.

Papa Gloria 19:12
Basi tutoe A2. Mara mbili ya nafasi.

Tonto Deo (impirimeri) 19:14
Nafasi inaongezeka, kweli. Lakini macho ya mupitaji hayaongezeki. Na feza ya kuchapa 40 za A2 sijaona mwenye ametoa.
Mi najua jaribio moja tu. Natundika karatasi kwa ukuta, narudi nyuma hatua kumi, namuita mama muuza mandazi pale mlangoni, hana miwani. Akisoma siku na saa, nachapa. Asiposoma, napunguza maneno. Sipunguzi herufi.

Mama Neema 19:15
Sawa. Punguza lakini usiondoe heshima.

Tonto Deo (impirimeri) 19:21
Heshima haiko mu «wana furaha kubwa». Ngoja niulize: hii bango inasemesha nani? «Wazazi na wanafunzi wote». Mwenye mtoto wake yuko kwetu tayari, kwa nini umuite? Tunatafuta mwenye mtoto yuko darasa la 6 na anajiuliza kama ya 7 atamupeleka kwetu ao kule kwingine. Muandikie yule tu. Moja. «Mzazi, kuya uone.» Akisoma anajua ni yeye.

Benite 19:24
Na mtoto je? Mi nilichagua shule yangu miye mwenyewe, mama alifuata. Mtoto wa 6 akisoma «nidhamu» anakimbia 😅

Mama Neema 19:25
Benite, nidhamu ndiyo inaleta wazazi.

Benite 19:29
Wazazi ndiyo tantine. Basi tuwape wote mustari yao. Wa mzazi: ataona nini, atauliza nani, minervali ni ngapi. Wa mtoto: atafanya nini kwa mikono. Pale maabara tunafanya ile ya bisapu. Unatia maji ya majivu mu bisapu nyekundu, inageuka kijani. Unakamulia ndimu, nyekundu inarudi. Batoto wadogo wa kwetu walitoa macho hivi 👀 Uandike ile. Usiandike «maabara ya kisasa», kila shule inaandika vile.

Papa Gloria 19:31
Iko sawa. Ila 100% ibaki. Egzameni ya Leta tulipata wote.

Mwalimu Anse 19:44
Samahani kuchelewa, nilikuwa nasahihisha. Wote ni wote wa pedagojia, Papa Gloria, na walikuwa 9. Kemia-biolojia haikuwa vile. Mzazi akija aulize «100% ya ngapi, na opsheni gani?», nitamjibu nini mbele ya watu? Kama munataka namba, andika «Pedagojia: 9 kwa 9» na mwaka wake. Ao usiandike kabisa.

Papa Gloria 19:46
9 inaonekana kidogo kwa bango.

Mwalimu Anse 19:46
Ni kidogo. Ni vile iko.

Mama Neema 19:47
Tunaondoa. Nini ingine?

Tonto Deo (impirimeri) 19:52
Tarehe. Mei tarehe 24 mwaka huu ni Siku ya Mungu. Jumamosi ni 23. Mutu akiona siku na tarehe hazikubaliani, atakuja siku yenye anataka yeye, ao hatakuja.
Na uandike 2026. Afishi ya mwaka jana iko bado kwa ukuta wa Kamalondo, na ni sisi tuliibandika na gundi yenye haitoki.

Mama Neema 19:53
Yesu. Ni mimi. Ni 23.

Mwalimu Anse 19:55
Na ile «saa 3». Mwaka jana kuna baba mmoja wa Ruashi alifika saa 9 alasiri na mtoto amevaa shati nyeupe, amepigwa pasi vizuri. Alisoma 3 akawaza kama wenye kufata saa ya Kifaransa, kumi na tano. Alikuta sentinele tu. Sikumwona tena. Andika «saa 3 asubuhi», halafu kando uweke 9h00. Hizo mbili zikikaa pamoja hakuna wa kupotea.

Mama Kazadi 19:58
Na mimi nilisikia «kuingia ni bure» nikafikiri na masomo ni bure. Dada yangu wa Kampemba pia. Si prezida alisema bure?

Tonto Deo (impirimeri) 20:01
Umeona mama Neema? Mama Kazadi amesema neno kubwa kushinda sisi wote.

Mwalimu Anse 20:06
Ndiyo. Ile ya tangu 2019 ni shule za msingi za Leta. Sisi tunatafuta watoto wa ya 7, kuna minervali. Sasa «BURE» ikiwa kubwa kwa ukuta, mama atakuja na begi na kitambulisho kuandikisha mtoto, halafu tunamwambia bei pale mezani. Atatuona wadanganyifu. Andika tu: «Kutembelea hakulipwi». Na mustari mudogo chini: «Siku hii hatuandikishi.»

Mama Neema 20:08
Kwa nini tusiandikishe siku ileile? Watu watakuwa pale!

Mwalimu Anse 20:09
Prefe alisema hapana. Nilimuuliza. Labda wewe atakusikia.

Mama Neema 20:09
Nitampigia.

Papa Gloria 20:11
Na minervali tuweke kiasi?

Mama Sifa 20:12
Weka. Mtu aamue nyumbani.

Mama Neema 20:12
Usiweke. Mutu ataona namba atageuza shingo mbele ya kuona darasa.

Mama Sifa 20:13
Basi atafika, atauliza, atageuza shingo pale pale, na mandazi yetu ameisha kula 😂

Tonto Deo (impirimeri) 20:30
Nimejaribu. Angalieni:

*MZAZI WA MTOTO WA DARASA LA 6, KUYA UONE MBELE YA KUCHAGUA*
Uingie darasani. Uulize mwalimu. Uulize minervali.
*NA WEWE MTOTO:* tia majivu mu bisapu, uone inageuka rangi.
*JUMAMOSI 23 MEI 2026*
Saa 3 asubuhi (9h00) mpaka saa 6 (12h00)
Katuba, shule nyuma ya terminusi ya basi
Kutembelea hakulipwi. Siku hii hatuandikishi.

Kichwa na tarehe ndiyo herufi kubwa. Zingine zikae kidogo. Nimebandika kwa ukuta, mama wa mandazi amesoma mpaka «Mei». 2026 hakuiona, nitaisogeza.

Papa Gloria 20:33
«Kuya» si Kiswahili bora. Shule itachekwa. Andika «Njooni».

Benite 20:34
«Njooni» ni ya kanisa 😭

Ya Kito 20:35
Na «Milango Wazi» imeenda wapi? Ilikuwa sehemu yangu bora

Mama Neema 20:36
Tonto Deo, ile jina inabaki! Shule zote zinaandika vile.

Baba Mkubwa Ngoie 21:02
Nimesoma yote, kimya, kwa sababu macho yangu ni ya polepole.
«Kuya» inabaki. Tunawaita watu wa Katuba, na watu wa Katuba wanaitana hivyo. Mwenye anataka Kiswahili bora atakipata darasani, kwa mwalimu.
Jina la «Milango Wazi» lisiandikwe kwa ukuta mahali popote mpaka darasa la nne lipate milango. Mimi ndiye niliwashika mkono wazazi wale nikawaambia toeni. Kila mara wakisoma jina lile, wananisoma mimi.

Mama Neema 21:09
Ndiyo Baba Mkubwa.

Papa Gloria 21:15
Ndiyo Baba.

Ya Kito 21:16
🙏

Mama Sifa 21:40
Na siku ile tutaiita nini basi? Kwa barua ya walimu imeandikwa tayari.

Mama Neema 21:41
Kwa bango haina jina. Inaitwa «kuya uone». Ya barua tutaona.
Kiasi cha minervali nitauliza Prefe. Kuandikisha pia. Tonto Deo usichape mpaka nikuambie.

Tonto Deo (impirimeri) 21:44
Mama, ulisema saa moja asubuhi. Na umeme huku unaenda saa tatu.

Mama Neema 21:44
Saa tatu gani?

Tonto Deo (impirimeri) 21:45
😂 Ya asubuhi. 9h00.

Papa Mulongo 06:12
Yambo kikundi. Nilikuwa bila moto. Nimesoma juu tu. Basi tarehe 24 tunavaa pagne ya komite ao nguo ya kila mutu?

Tonto Deo (impirimeri) 07:03
Mama Neema niko mbele ya mashini. Prefe amesema nini?

Tonto Deo (impirimeri) 07:38
Mama?