Sera ya kupinga unyanyasaji inaniagiza nimshtaki kwa yule yule anayenishika

Mfunga Waridi: Sitaki pole, nina hasira. Nafanya kazi shamba la maua Naivasha, upande wa kufunga waridi. Tuko zaidi ya mia nne. Tangu mwezi wa pili supavaiza ananipitisha mkono kiunoni kila akikagua ndoo. Akaniambia kandarasi yangu itaongezwa nikimfuata nyumbani. Nikakataa. Wiki iliyofuata nikahamishiwa chumba baridi, mimi peke yangu.

Nikaisoma sera iliyobandikwa ubaoni, kurasa mbili za Kiingereza. Malalamiko yapelekwe kwa msimamizi wako wa karibu. Msimamizi wangu ni yeye! Nikaenda ofisi ya wafanyakazi, nikasimulia kwa mdomo, mlango umefungwa. Kesho yake saa nne, kwenye chai, wenzangu wananiuliza habari hizo hizo. Hiyo sera inamlinda nani?

Mzee wa Chama: Dada, soma kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima atoe tamko kuhusu unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Lieleze namna ya kulalamika na kwamba mkosaji ataadhibiwa. Jina lako na yaliyokupata yasitajwe ila pale uchunguzi au nidhamu inapohitaji. Aliyeyafikisha kwenye chai amekukosea mara ya pili.

Usirudi kwa mdomo. Andika barua: tarehe, saa, maneno aliyosema, nani alikuwa karibu, siku uliyohamishwa. Mpelekee meneja aliye juu yake, nakala yako igongwe muhuri. Supavaiza ataitwa ajieleze kabla ya kuadhibiwa. Ndio utaratibu, usidhani wanamtetea. Wakinyamaza, nenda kwa afisa wa kazi wa serikali.

Kijana wa Karagita: Bila kuandikisha taarifa polisi, wenye shamba hawawezi kumgusa huyo supavaiza.

Mzee wa Chama: Polisi ni njia nyingine ya huyu dada, na anaweza kuifuata. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhusu mwenye mamlaka anayeng'ang'ania mtu akijua hatakiwi. Lakini nidhamu ya kazini haingoji mahakama.

Mhudumu wa Meza: Sisi hotelini tuko sita. Bosi ananitukana mbele ya wateja. Naomba hiyo sera yetu.

Mzee wa Chama: Ndugu, mkiwa sita halazimiki kuandika tamko. Kunyanyasa kingono kumekatazwa hata hapo, ila matusi ya kawaida kifungu hiki hakiyagusi. Fungua uzi wako tuyajadili.

Mfunga Waridi: Barua nimeipeleka leo. Wamekataa kugonga muhuri mpaka meneja arudi Jumatatu. Nimeipiga picha ikiwa mezani kwao. Aliyeuona ule mkono kwa macho ni rafiki yangu, na kandarasi yake inaisha mwezi ujao. Ananisihi nimfute kwenye barua. Nimfute?