Ukirudisha taswira ya jana, data ya leo inabaki wapi?

Mwanahawa: Natunza seva moja yenye PostgreSQL, iko kwenye Fedora ya kawaida. Mwenzangu ananihimiza nihamie Fedora IoT, ambako mfumo mzima unasasishwa kwa mkupuo kama taswira moja, na mambo yakiharibika unawasha upya kwenye taswira ya zamani. Anasema nikihama sitahitaji tena kuchukua nakala ya hifadhidata kabla ya kila sasisho. Nimsikilize?

Kimaro: Msikilize. Nina miaka mitatu na mifumo hii na sitaki kurudi kule kwa vifurushi kimoja kimoja. Kule umeme ukikatika katikati ya sasisho unabaki na mashine nusu mpya, nusu kuukuu. Huku taswira mpya inaandaliwa pembeni na ile inayofanya kazi haiguswi hadi uwashe upya. `/usr` ni ya kusomwa tu, hakuna wa kuichezea. Ukiandika `rpm-ostree rollback` na kuwasha upya, mashine inakuwa vilevile ilivyokuwa jana, herufi kwa herufi. Hofu ya masasisho inakwisha.

Makame: Dada Mwanahawa, hama ukipenda, ila nakala usiache. Ndugu yangu Kimaro yuko sahihi mpaka anapofika kwenye “vilevile ilivyokuwa jana”. Kinachorudi ni kiini, maktaba na programu. `/var` hairudi. Iko moja tu, na taswira zote mbili zinaitumia hiyohiyo. Data ya PostgreSQL inakaa `/var/lib/pgsql`.

Yalinikuta haya. Ijumaa jioni nilipandisha seva hadi toleo jipya la Fedora. Taswira ya zamani ilikuwa na PostgreSQL 15, mpya ilikuja na 16. Namba ya kwanza ikibadilika, mpangilio wa data kwenye diski nao unabadilika, kwa hiyo nikaihamisha data kwa `pg_upgrade`, ikaenda salama. Jumamosi watu wakafanya kazi kutwa, lakini kiini kipya kikawa kinaangusha kadi ya mtandao kila baada ya muda. Jioni nikasema si neno, nitarudi nyuma. Mashine ikawaka vizuri kabisa, mtandao ukatulia, hifadhidata ikagoma:

```
FATAL:  database files are incompatible with server
DETAIL:  The data directory was initialized by PostgreSQL version 16, which is not compatible with this version 15.6.
```

Programu imerudi Ijumaa, data imebaki Jumamosi. Ile saraka ya zamani iliyoachwa na `pg_upgrade` nilikuwa nayo, lakini ndani yake hakuna hata rekodi moja ya Jumamosi. Ikabidi nipande tena kwenye taswira mpya yenye mtandao mbovu, nitoe kila kitu kwa `pg_dump`, nishuke, nipakie. Na faili la `pg_dump` la toleo jipya halina ahadi ya kukubalika kwenye toleo la zamani. Kuna mistari niliirekebisha kwa mkono. Laiti ningetumia `pg_upgrade --link`, ambayo inashirikisha mafaili badala ya kuyanakili, hata ile saraka ya zamani isingefaa kitu baada ya 16 kuwaka mara ya kwanza.

Zuhura: Kumbe! Mimi sina seva, nina Silverblue kwenye kompyuta yangu ya mezani, lakini nafikiri yangu ni ya ukoo huohuo. Nilisasisha, siku mbili baadaye nikabadili nenosiri, kisha nikarudi nyuma kwa sababu ya skrini kumemeta. Nenosiri jipya likakataliwa. Nilishinda siku nzima nikiamini kuna mtu ameingia kwenye mashine yangu. Mwisho nikajaribu la zamani, likafungua. Mafaili yangu yote yalikuwepo.

Makame: Ukoo huohuo, tabia tofauti. Kila taswira iliyowekwa ina `/etc` yake. Unapopanda, mfumo unalinganisha `/etc` yako na ile ya asili iliyokuja na taswira, kisha uliyoyabadilisha unayahamishia kwenye mpya. Unaposhuka hakuna kinachohamishwa. Unaikuta `/etc` kama ulivyoiacha. Nenosiri liko `/etc/shadow`, ndiyo maana likawa la zamani. Mafaili yako yako chini ya `/var/home`, ndiyo maana hayakuguswa. Kabla ya kushuka, endesha:

```
sudo ostree admin config-diff
```

Herufi M ni faili lililobadilishwa, A lililoongezwa, D lililofutwa, yote yakipimwa dhidi ya asili ya taswira. Orodha hiyo itakuwa na mambo ya zamani pia, basi tafuta uliyoyafanya tangu sasisho.

Pendo: Mimi naona mnazunguka. Tatizo lenyewe ni intaneti. Mfumo mzima kila mara! Nani atapakua gigabaiti kadhaa kwa sababu ya marekebisho ya faili moja?

Makame: Hapana, Pendo. Mfumo unabadilishwa mzima, lakini hupakui mzima. OSTree inaleta mafaili yaliyobadilika tu, na yale yasiyobadilika taswira mbili zinashirikiana kwenye diski.

Kimaro: Nakubali kuhusu `/var`, nilizidisha. Mashine zangu hazina hifadhidata, ndiyo maana sijawahi kugongana nalo. Lakini msimtishe dada. Ndani ya PostgreSQL 15, kutoka 15.5 kwenda 15.6 na kurudi, data haina shida. Shida ni mruko wa namba ya kwanza, na huo hauji kila wiki.

Hamisi: Hauji kila wiki kwa PostgreSQL yenyewe, kaka. Vipi programu inayoitumia? Nyingi zikiwaka na kukuta ni toleo jipya, zinabadilisha majedwali zenyewe bila kumwuliza mtu. Kwenye Fedora IoT kuna greenboot: unaweka hati za ukaguzi ndani ya `/etc/greenboot/check/required.d`, zikishindwa mashine inajiwasha tena mara kadhaa, kisha inarudi kwenye taswira ya zamani yenyewe. Hebu fikirini: usiku taswira mpya inawaka, programu inabadilisha majedwali, ukaguzi unashindwa kwa sababu nyingine kabisa, mashine inarudi nyuma. Asubuhi una programu ya zamani juu ya majedwali mapya, na hakuna aliyegusa kitu. Ndiyo maana mimi huduma inayogusa data siiwashi yenyewe baada ya sasisho. Ukaguzi upite kwanza, `pg_dump` ifuate, ndipo huduma iwake.

Rehema: Mimi ningeitoa PostgreSQL kwenye taswira kabisa. Iweke kwenye kontena, ifungie toleo 15, kisha sasisha mfumo upendavyo, mbele na nyuma. Makame angeshuka Jumamosi ile bila data kuguswa, maana kosa lilikuwa la kiini, na hifadhidata ilivutwa tu kwenye mkumbo.

Makame: Hilo ni kweli na linauma. Ila sasa una vitu viwili vya kusasisha, na kile cha pili hakina wa kukukumbusha. Nimekuta kontena zimefungiwa toleo lililokwishaacha kupata marekebisho ya usalama, mwenye nazo akijiona salama kwa sababu mfumo wa chini ni wa leo asubuhi.

Rehema: Huo ni uzembe wa mtu, si kosa la mpangilio.

Makame: Mpangilio unaomtegemea mtu asisahau ndio tuliokuwa tunaukimbia.

Mwanahawa: Nitahama, lakini nakala itabaki, na mwenzangu nitamwonyesha ule ujumbe wa kosa. La kontena bado sijaamua. Swali moja: taswira ya zamani inanisubiri kwa muda gani?

Makame: Kwa kawaida zinatunzwa mbili. Masasisho mawili mbele, ile uliyoiamini imeshafutwa. Ukiwa ndani yake na inafanya kazi vizuri, angalia `rpm-ostree status`. Yenye kitone ndiyo inayoendeshwa sasa. Ikiwa ndiyo ya kwanza kwenye orodha, ibandike kwa `sudo ostree admin pin 0`. Haitafutwa hadi wewe mwenyewe uibandue.