Naomba ushauri: tangazo la kazi ya mapokezi bila "dada" wala "kijana"

Assalaam aleikum. Nasaidia kurekebisha tangazo la kazi la nyumba ya wageni iliyopo Paje. Lilikuwa hivi: "Anatafutwa dada wa mapokezi, kijana, umri miaka 20 hadi 28, mchangamfu. Zamu ya usiku wanaume tu."

Kiswahili kinatusaidia, maana "awe anajua" hakitaji jinsia. Tatizo limo kwenye majina. Kwa hiyo "dada wa mapokezi" nimeweka "mhudumu wa mapokezi", na sikuandika "mwanamme au mwanamke", kwa sababu kuirudia kila mstari kunachosha.

Umri nimeufuta, nikauliza kilichokusudiwa. Walitaka mtu anayeweza kusimama muda mrefu na kupandisha mabegi ghorofani. Basi nimeandika: "Kazi inahusu kusimama saa nyingi na kubeba mizigo ya hadi kilo 20." Uzoefu nimeweka "usiopungua mwaka 1" bila kikomo cha juu, kwani "miaka 1 hadi 3" humwondoa mkongwe kimyakimya.

Zamu ya usiku, hofu yao ni usafiri, si jinsia. Nimeandika: "Zamu inaisha saa 5 usiku, gari la kurudi nyumbani lipo." Sharti gari liwepo kweli.

Nimekwama kwenye "mchangamfu". Wengi husoma humo msichana wa kutabasamu. Nimejaribu "anayewasikiliza wageni na kumaliza malalamiko yao", lakini limekuwa zito. Nyinyi mngeliandikaje kwa maneno machache?